Jinsi ya kuuchambua mkataba wa fransaizi kabla hujasaini: ada, eneo, viwango vya brandi na kuvunjwa kwa mkataba

Mkataba wa fransaizi ukiusoma kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho kama unavyosoma gazeti, utamaliza unajiona umeelewa na kumbe hujaelewa kitu. Sio kwamba lugha ni ngumu sana, shida ni mpangilio. Karibu kila kitu unachopewa kwenye kifungu kimoja kuna kifungu kingine mbali huko kinakuja kukipunguza, unapewa eneo ukurasa wa 8 linapunguzwa ukurasa wa 31, ada inatajwa asilimia 6 ila maana ya hiyo "mauzo" inayopigwa asilimia iko kwenye orodha ya maana za maneno ambayo watu wengi wanairuka. Kwa hiyo kazi yako ni kutafuta jozi: ahadi na kifungu kinachoipunguza. Ukishika hilo, mengine yote hapa chini ni utaratibu tu.

Ntatumia mfano mmoja mwanzo mwisho, duka la kufua nguo lenye brandi, mkataba wa miaka 10. Namba ni za mfano, weka za kwako.

Kabla ya yote: kusanya karatasi zote na uandae shiti

Omba mkataba wenyewe, viambatisho vyote, fomu ya dhamana binafsi, mkataba wa programu ya kompyuta, mkataba wa msambazaji kama upo, na manuali ya uendeshaji. Ukitumiwa mkataba ambao viambatisho vimeandikwa "vitajazwa baadae" usianze kuhesabu chochote, maana mara nyingi ramani ya eneo na orodha ya ada ziko huko huko kwenye viambatisho.

Angalia pia sheria ya nchi inayohusika inakupa nini. Marekani kwa mfano, sheria ya fransaizi ya FTC, tume ya serikali kuu inayosimamia biashara na kulinda walaji, inamlazimisha mwenye brandi akupe hati ya maelezo yenye vipengele 23 angalau siku 14 kabla hujasaini au kulipa, ada za mwanzo ziko kipengele cha 5, ada nyingine cha 6, masharti ya wapi ununue bidhaa cha 8, eneo cha 12, kusitisha na kuhuisha cha 17. Afrika Kusini, sheria ya kulinda walaji ya 2008 inakuruhusu kufuta mkataba wa fransaizi ndani ya siku 10 za kazi baada ya kusaini bila kulipa adhabu. Nchi nyingi hazina sheria maalum kabisa, na hapo ulinzi wako ni kile kilichoandikwa tu. Hata kama hauko Marekani, ile orodha ya vipengele ni nzuri kuitumia kama kipimo cha maswali yako.

Sasa fungua shiti kwenye kompyuta yenye safu tano: jambo, kifungu kinachotoa ahadi, kifungu kinachoipunguza, kwa namba ni nini kwangu, na swali la kuwauliza. Safu ya tatu ikiwa tupu mara nyingi maana yake bado hujatafuta vizuri.

Halafu anza na sehemu ya maana za maneno, usianze na ada. Kila neno lenye herufi kubwa, Mauzo Ghafi, Eneo, Viwango, Mfumo, Ukiukaji, liandike na maana yake iliyotolewa. Baada ya hapo tafuta kwenye faili (Ctrl+F) maneno haya au yanayolingana nayo kwa lugha ya mkataba: "isipokuwa", "bila kujali", "kwa hiari yake pekee", "kama yatakavyorekebishwa mara kwa mara", "anahifadhi haki". Haya ndo maneno ambayo vipunguzi vinajificha ndani yake, ukiyapitia yote unakuwa umeshapata sehemu kubwa ya safu ya tatu.

Hatua ya 1: ada, na msingi unaopigiwa asilimia

Watu wanabishana kuhusu asilimia, ila mi nasema kwanza kaangalie asilimia ya nini. Mkataba wa duka letu la kufua unasema mrabaha, yaani malipo ya kila mwezi ya kutumia brandi, ni 6% ya Mauzo Ghafi na mchango wa mfuko wa matangazo ni 2%. Ukirudi kwenye maana, Mauzo Ghafi ni "thamani ya huduma zote zilizotolewa kwa bei ya orodha, iwe zimelipwa au hazijalipwa, bila kupunguza kodi, punguzo la bei au fedha zilizorejeshwa kwa mteja". Sentensi moja tu hiyo.

Ihesabu. Mwezi huu kazi uliyofanya kwa bei ya orodha ni 120,000. Brandi iliamuru ofa, ikakata 5,000, wateja wakalipa 115,000. Ndani ya hiyo kuna kodi ya mauzo, tuseme 15%, yaani 15,000 ambayo sio yako, inaenda serikalini. Kilicho chako kweli ni 100,000. Lakini mrabaha unapigwa kwenye 120,000, kwa hiyo ni 7,200, mfuko wa matangazo 2,400, na programu ya kompyuta ambayo inatajwa kwenye kiambatisho ni 1,800 kwa mwezi bila kujali mauzo. Jumla 11,400, ambayo ni 11.4% ya pesa yako halisi. Ulikaa mezani ukiwa na 6% kichwani, unaona umbali wake.

Sasa fanya mwezi mbaya, hapa wengi hawafiki. Mkataba una kima cha chini cha mrabaha, 5,000 kwa mwezi. Kazi imeshuka nusu, bei ya orodha 60,000 na chako halisi 50,000. Asilimia 6 ni 3,600 tu ila utalipa 5,000 kwa sababu ya kima cha chini, mfuko 1,200, programu 1,800, jumla 8,000. Hiyo ni 16% ya pesa yako, kwenye mwezi ambao tayari una hasara. Kwa hiyo kwenye shiti usiandike asilimia moja, andika mbili, ya mwezi wa kawaida na ya mwezi mbaya, na kama kima cha chini kinapanda kila mwaka piga pia cha mwaka wa 5.

Baada ya hapo orodhesha ada zinazokuja kwa tukio: ada ya kuanza (lini inalipwa, inarudishwa kama eneo la biashara halikupatikana?), mafunzo ya ziada, kuhamisha duka, kuuza biashara kwa mtu mwingine, kuhuisha mkataba, riba ya kuchelewa, gharama za ukaguzi wa hesabu. Kwenye ukaguzi angalia kizingiti, mikataba mingi inasema ukionekana umeripoti pungufu kwa asilimia 2 au 3 basi gharama zote za mkaguzi ni zako. Ukiwa na maana ya Mauzo Ghafi kama hiyo ya juu, mtu anaweza kufikia hicho kizingiti bila kudanganya hata kidogo, alitoa tu kodi kwenye hesabu kabla ya kuripoti.

Na kuna ada isiyoitwa ada. Ukilazimishwa kununua sabuni na vipuri kwa msambazaji mmoja aliyeidhinishwa, tafuta kifungu kinachosema mwenye brandi anaweza kupokea kamisheni kutoka kwa huyo msambazaji. Ikiwepo, uliza bei za sasa za bidhaa zote za lazima, chukua bidhaa hizo hizo sokoni kwa ubora ule ule, tofauti yake iandike kwenye safu ya namba kama ada.

Unachotaka kubadilisha hapa hasa ni maana ya Mauzo Ghafi: kodi itolewe, pesa zilizorudishwa kwa wateja zitolewe, na ofa ambazo brandi yenyewe imeamuru zihesabiwe kwa bei mteja aliyolipa. Hilo ni ombi ambalo wenye brandi wanalielewa na wengi wanakubali angalau kodi. Kushusha 6% iwe 5% ni kugumu zaidi kwa sababu watasema waendeshaji wote, yaani wenye maduka ya fransaizi kama wewe, wanalipa sawa.

Hatua ya 2: eneo

Neno "eneo la kipekee" peke yake halina uzito, uzito uko kwenye maswali matatu: mstari umechorwaje, nani amezuiwa kufanya nini ndani ya huo mstari, na nini kinakufanya uupoteze.

Mkataba wa mfano unasema kilomita 3 kutoka kwenye duka. Kwa mstari ulionyooka au kwa barabara? Kukiwa na mto au reli katikati, kilomita 3 kwa barabara inaweza kuwa mtaa wa pili tu ukipima kwa mstari mnyoofu. Omba ramani yenye mpaka uliochorwa, isainiwe kama kiambatisho, na iandikwe kwamba ramani ndo inashinda maelezo yakitofautiana.

Swali la pili ndo lenye mambo. Kifungu cha 4 kinasema mwenye brandi "hatafungua wala kuruhusu mwingine kufungua duka la brandi hii ndani ya Eneo". Soma neno kwa neno. Kimezuia kufungua duka. Hakijazuia kuuza, hakijazuia gari la kukusanya nguo mlangoni kwa mteja, hakijazuia oda za kwenye aplikesheni, hakijazuia brandi nyingine ya kampuni hiyo hiyo. Halafu kifungu cha 19, mbali kabisa, "Haki Zilizohifadhiwa", kinasema mwenye brandi anaweza kuhudumia wateja wa kitaasisi popote na kuelekeza oda za mtandaoni kwa duka lolote kwa hiari yake pekee.

Kwa biashara ya kufua hii ni nzito mno, kwa sababu mteja mkubwa kabisa ni hoteli au hospitali inayotoa mashuka kila siku. Hoteli iko hatua chache toka mlangoni kwako, iko ndani ya eneo lako, na mashuka yake yanaweza kuchukuliwa na kiwanda cha mwenye brandi kila asubuhi bila kuvunja hata herufi moja ya mkataba. Kwa hiyo chukua ile ramani, weka alama kwenye kila mteja mkubwa unayemtegemea kwenye makadirio yako, halafu jiulize kwa kila mmoja kama kifungu cha 19 kinamuondoa. Waliobaki ndo eneo lako halisi. Makadirio ya mauzo yafanye upya kwa hao tu.

Ukienda kuongea nao usiombe wafute haki zote zilizohifadhiwa, hawatafuta. Omba vitu viwili: oda ya mtandaoni yenye anwani ndani ya ramani ije kwako kwanza, na mteja wa taasisi aliye ndani ya ramani upewe nafasi ya kwanza kumhudumia, ukishindwa ulipwe sehemu ya mauzo hayo.

Swali la tatu, tafuta kiwango cha utendaji. Mara nyingi kuna sentensi inayosema ukishindwa kufikia mauzo fulani miezi kadhaa mfululizo eneo linaweza kupunguzwa au upekee kuondolewa. Linganisha hicho kiwango na mwezi mbaya uliouhesabu hatua ya 1. Kama mwezi wako mbaya uko chini ya kiwango, eneo lako ni la muda wa neema tu.

Hatua ya 3: viwango vya brandi, ambavyo haviko kwenye mkataba

Sehemu hii kwenye mkataba ni fupi, aya moja au mbili: mwendeshaji atafuata viwango vyote vilivyomo kwenye manuali kama itakavyorekebishwa mara kwa mara. Kwa ufupi unasaini kitabu ambacho hujakisoma na ambacho upande wa pili anaweza kukiandika upya kesho.

Wengi wao hawatakupa manuali uende nayo nyumbani, na wana sababu, ni siri ya biashara. Ila unaweza kuomba kuisoma ofisini kwao baada ya kusaini makubaliano ya kutunza siri. Ukienda, andika namba ya toleo na tarehe, nakili orodha ya sura, na uende moja kwa moja kwenye vitu vinavyogharimu: aina za mashine zinazoruhusiwa, saa za kufungua, idadi ya wafanyakazi wa chini kabisa, wasambazaji wa lazima, bei (unaruhusiwa kupanga mwenyewe au unapangiwa), na ukarabati. Kanuni za salamu na sare zipitie haraka, hazitakufilisi.

Ukarabati usiuache mpaka upate namba. Kama imeandikwa duka litafanyiwa ukarabati "kulingana na mwonekano wa sasa wa brandi" kila baada ya miaka 5 bila kikomo cha gharama, kwenye mkataba wa miaka 10 utakarabati mwaka wa 5, na ukitaka kuhuisha utakarabati tena mwaka wa 10 kama sharti. Omba kikomo, ama kiasi fulani au asilimia ya mauzo ya mwaka, na omba usilazimishwe matumizi makubwa ndani ya miezi 18 ya mwisho isipokuwa kama mkataba unahuishwa. Bila hilo unaweza kununua mashine mpya za kutumia mwaka mmoja.

Kisha ongea na waendeshaji waliopo na hasa walioacha, waulize swali moja tu, manuali ilibadilika mara ngapi kwa njia iliyowatoa pesa na ilikuwa kiasi gani. Majibu yao ndo makadirio yako bora ya "mara kwa mara".

Mwisho wa hatua hii angalia ukaguzi wa viwango unafanywaje. Alama ngapi ni kufeli, nani anapiga alama, una haki ya kukaguliwa tena? Kwa sababu kufeli ukaguzi kunaingia moja kwa moja kwenye hatua inayofuata.

Hatua ya 4: kuvunjwa kwa mkataba, ichore kama kalenda

Tengeneza jedwali dogo pembeni: tukio, taarifa inatolewaje, siku za kurekebisha, matokeo. Matukio yatajigawa yenyewe makundi matatu. Kuna yasiyo na nafasi ya kurekebisha kabisa (kufilisika, kutoa siri, kufunga duka bila ruhusa siku kadhaa), kuna yenye siku za kurekebisha, na kuna kundi la tatu linalowakamata watu wazuri: kukiuka mara 3 ndani ya miezi 12 hata kama kila mara ulirekebisha. Chukua hilo la tatu urudi nalo kwenye manuali. Kama kuchelewesha ripoti ya wiki ni ukiukaji, na kufeli ukaguzi ni ukiukaji, basi ripoti mbili zilizochelewa na ukaguzi mmoja mbaya kwa mwaka vinatosha kuondoa biashara yako. Omba kundi hilo lihusu ukiukaji mkubwa tu, na mkubwa uelezwe ni upi.

Siku zihesabu kwa makini. Mkataba wa mfano unatoa siku 10 za kurekebisha malipo "tangu taarifa kutolewa", na kifungu cha taarifa huko mwisho kinasema barua pepe inahesabika imepokelewa siku ile ile ilipotumwa, kwenye anwani uliyoiandika siku ya kusaini. Taarifa ikitumwa Ijumaa jioni kwenye anwani ya zamani, siku zinakimbia bila wewe kujua. Omba siku zianze inapopokelewa, ziwe siku za kazi, na nakala iende kwa wakili wako pia.

Angalia kama mikataba imefungamanishwa. Kama kukiuka mkataba wa programu au kuchelewa kumlipa msambazaji ni kukiuka mkataba mkuu, au ukiwa na maduka mawili moja likianguka linaangusha la pili, hiyo iandike kwa rangi nyekundu. Na mkataba wa pango usome sambamba: pango la miaka 5 kwa fransaizi ya miaka 10 maana yake mwenye nyumba akikataa kuendelea mwaka wa 5, unaweza kuonekana wewe ndo umefunga duka.

Halafu gharama ya kutoka. Wengi hudhani mkataba ukivunjwa wanaacha kulipa. Wa kwetu unasema ukivunjwa kwa kosa la mwendeshaji atalipa fidia sawa na wastani wa mrabaha na mchango wa matangazo wa kila mwezi kwa miezi 12 iliyopita, mara miezi 36. Kwa namba zetu ni 7,200 jumlisha 2,400, yaani 9,600, mara 36: 345,600. Ni zaidi ya miezi mitatu ya mapato yako yote, bado hujalipa pango, mkopo wa mashine wala mshahara wa mwisho wa wafanyakazi. Kama umesaini dhamana binafsi, deni hilo linakufuata mpaka nyumbani hata kama ulifungua kampuni. Omba miezi ipungue, mchango wa matangazo utoke (hawatangazi tena kwa niaba yako, kwa nini uulipie), na dhamana binafsi iwe na kikomo cha kiasi.

Pitia pia kinachobaki baada ya kuvunjika: namba ya simu na orodha ya wateja zinaenda kwa nani, mashine zitanunuliwa kwa bei gani kama wakizitaka, na zuio la kufanya biashara inayofanana ni la muda gani na umbali gani. Fundi aliyefua nguo miaka 20 kabla ya fransaizi hatakiwi kusaini zuio linalomtoa kwenye kazi yake aliyokuja nayo.

Na tafuta mlango wako wewe. Kwenye mikataba mingi mwenye brandi ana ukurasa mzima wa sababu za kuvunja na mwendeshaji hana hata moja. Ukikuta hivyo, omba angalau haki ya kutoka kama wao wakishindwa kutoa mafunzo, mfumo au bidhaa za lazima na wasirekebishe ndani ya siku ulizopewa wewe.

Hatua ya 5: peleka maswali, pata majibu yaliyosainiwa

Safu ya tano ya shiti sasa ina maswali mengi. Chuja ubakiwe na yale yanayobadilisha namba, kwa mfano wetu ni maana ya Mauzo Ghafi, wateja wa taasisi, kikomo cha ukarabati, ukiukaji wa mara 3, na fidia ya miezi 36. Mpe wakili anayejua mikataba ya biashara shiti pamoja na mkataba, itampunguzia saa za kazi na atakwambia kipi sheria ya nchi yako haikiruhusu hata kama kimeandikwa.

Watumie maswali kwa maandishi. Afisa mauzo atakupigia simu na atakwambia "hilo hatujawahi kulitumia kwa mtu" au "hoteli huwa tunawaachia waendeshaji", na anaweza kuwa anasema kweli kabisa. Ila karibu na sahihi kuna kifungu cha makubaliano yote, kinachosema mkataba huu unafuta maneno, barua na ahadi zote za kabla. Simu ile inafutwa siku unayosaini. Kwa hiyo kila jibu linalokusaidia liingie kwenye nyongeza ya mkataba, yenye namba za vifungu inavyobadilisha, yenye sentensi kwamba nyongeza ikipingana na mkataba au manuali basi nyongeza ndo inafuatwa, na isainiwe siku moja na mkataba na mtu yule yule mwenye mamlaka ya kuusaini. Wakikataa kuandika kitu walichokwambia kwa mdomo, kwenye shiti kihesabu kama hakipo, uone kama namba za mwezi mbaya bado zinabeba.